UZI: Picha za "mchumba" wa shangazi, nimezitafuta Google sioni kitu. Je, ni zake kweli?

Mvua_ya_Ediofe
Habari za jioni wadau. Niko Arua. Shangazi yangu ni mjane, mwuguzi, ana miaka 52. Tangu Februari anachati na mtu anayejiita Injinia Daudi. Anasema yuko Entebbe, anafanya kazi na Umoja wa Mataifa, mke alifariki, ana binti mmoja. Sasa kuna "mzigo wake umekwama uwanja wa ndege" na anataka shangazi amsaidie 1,200,000 za ushuru. Ameshatuma 600,000 kwa mobaili mani.

Nina picha tatu. Ya kwanza yuko ndani ya gari ameshika usukani, amefunga mkanda. Ya pili amesimama amevaa shati jeupe, anacheka. Ya tatu amevaa helmeti ya manjano, nyuma yake kuna kreni. Nimeziweka kwenye Google Lens zote. Imeniletea maduka ya mashati na bei za helmeti! Mtu mwenyewe hakuna. Shangazi ananiambia, "Unaona? Ungemkuta kama angekuwa mwizi." Sina la kumjibu.

Balozi_wa_Katwe
Kijana, shangazi yako yuko sahihi. Google ina picha za dunia nzima. Ikikosa maana yake picha ni mpya, ni ya mwenyewe. Tatizo hapo ni pesa tu, picha ziko sawa.

Saluni_Busia
Na mimi nina shida hiyo hiyo! Picha zangu za kusuka watu wananiibia. Nawezaje kuzuia watu wasizipakue?

Fundi_Wandegeya
@Saluni_Busia dada, hiyo ni shida nyingine, nitakurudia. @Balozi samahani mzee wangu, hapo siko nawe. Google haioni kila kitu. Haioni akaunti iliyofungwa, haioni stetasi ya WhatsApp, na Facebook na Instagram inaona kidogo sana. Picha ikikosekana, unachojua ni kwamba wewe hukuipata, basi.

@Mvua, kabla ya yote, hizo picha ulizipataje? Ni zile alizomtumia shangazi kwenye chati au ulipiga picha skrini ya simu?

Mvua_ya_Ediofe
Ya kwanza ni picha yake ya wasifu WhatsApp. Skrinshoti ilikataa kabisa, nikachukua simu ya mdogo wangu nikapiga picha ile skrini. Zile mbili nyingine ni skrinshoti za chati.

Fundi_Wandegeya
Ndiyo maana umeletewa helmeti. Ukipiga picha skrini ya simu nyingine unaingiza mistari ya mwanga, kona zimepinda, kidole kimejitokeza, na mashine inatafuta kitu chenye sura hiyo. Na skrinshoti ya chati ina saa juu, betri, kisanduku cha kuandikia ujumbe chini. Mwombe shangazi aseme kwa utamu, "Nitumie ile ya kwenye gari niiweke kwenye simu." Akituma, pakua faili lenyewe. WhatsApp hubana picha lakini inatosha. Usitegemee kupata tarehe au mahali ndani ya faili hilo, WhatsApp huyafuta hayo.

Halafu ukiingia Google Lens usikubali ile fremu iliyojichora yenyewe. Shika kona zake, vuta mpaka ichukue picha yote. Ikibaki kwenye shati itakutafutia shati. Juu kuna sehemu imeandikwa `Exact matches`, gusa hapo. Ile orodha ya kwanza ni vitu vinavyofanana, na vinavyofanana havikusaidii.

Nitumie maelezo ya ile ya gari. Usiweke sura yake hapa uzini. Nieleze tu: mkanda umepita bega gani, na kuna maandishi yoyote kwenye usukani?

Mvua_ya_Ediofe
Shangazi kapewa faili. Mkanda umepita bega lake la kulia unashuka kushoto. Katikati ya usukani kuna herufi ndogo, SRS.

Balozi_wa_Katwe
Bega la kulia! Ndiyo gari letu hilo. Uganda dereva anakaa kulia, mkanda unatoka kwenye nguzo ya mlango wa kulia. Yuko hapa hapa nchini. Nilisema.

Fundi_Wandegeya
Mzee umeona vizuri, lakini subiri. @Mvua, kuza hizo herufi SRS mpaka zijae kioo. SRS ni neno la hila kwa sababu ukilisoma kutoka nyuma bado ni S-R-S. Angalia R. Mguu wake unaelekea wapi?

Mvua_ya_Ediofe
Ebo! R imegeuka. Mguu unaelekea kushoto. Na zile S nazo zimekaa kinyume.

Balozi_wa_Katwe
Basi picha imegeuzwa kama kioo, kwa hiyo ni ya wizi. Kesi imekwisha.

Fundi_Wandegeya
Haijaisha mzee, polepole. Kamera ya mbele ya simu nyingi huhifadhi selfi ikiwa imegeuka kama kioo. Mimi mwenyewe nikijipiga dukani bango langu linasomeka kinyume, na sijamwibia mtu. Herufi kugeuka peke yake si ushahidi.

Ushahidi ni herufi na mkanda vikikaa pamoja. Picha imegeuzwa, hilo tumekubaliana. Sasa tuirudishe ilivyokuwa. Mkanda uliopita bega la kulia unahamia bega la kushoto. Usukani uko mbele yake, kwa hiyo ni dereva, si abiria. Dereva ambaye mkanda unamtokea bega la kushoto anakaa upande wa kushoto wa gari. Gari hilo ni la nchi inayoendesha kulia mwa barabara. Kwa hiyo huenda picha haikupigwa Uganda, wala Kenya, wala Tanzania. Kuna magari ya namna hiyo yanayoingia kutoka Kongo na Sudan Kusini, na ya miradi, kwa hiyo sisemi haiwezekani. Ila yeye amesema nini kuhusu hiyo picha?

Mvua_ya_Ediofe
Alimwandikia shangazi, "Hapa natoka Entebbe nakuja Kampala, natamani ungekuwa pembeni yangu."

Fundi_Wandegeya
Sawa. Sasa fanya hivi. Ifungue kwenye galari ya simu, bonyeza kuhariri, kuna alama ya pembetatu mbili zinazotazamana. Hiyo inageuza kulia kushoto. Hifadhi nakala. Kisha ingia `tineye.com`, pakia ile ya mwanzo kwanza, andika namba utakayopewa. Pakia iliyogeuzwa, andika namba yake. Halafu `yandex.com/images`, alama ya kamera, hivyo hivyo mbili. Ukiwa umewasha VPN kwa ajili ya Facebook, izime kwanza, vinginevyo utaambiwa uchague taa za barabarani mpaka bando liishe.

AfandeBombo
Naomba kuongeza hapo kwenye kugeuza, kwa sababu vijana hukosea. Binti wa kaka yangu alikuwa na "mwanajeshi wa Marekani". Mtu akamwambia picha imegeuzwa kwa sababu bendera begani nyota ziko kulia. Si kweli. Bega la kulia la sare zao bendera hushonwa nyota zikiwa mbele, kama bendera inayopepea askari akienda mbele. Ndivyo ilivyo. Wewe soma jina. Jina la ukoo liko kifuani upande wake wa kulia, na neno U.S. ARMY liko upande wa kushoto. Maandishi yakisomeka vizuri na jina liko upande huo, picha haijageuzwa.

Na matapeli hulichukua jina hilo hilo la kifuani wakajiita. Yule wa binti yetu alikuwa na jina la kifuani sahihi kabisa, ndiyo maana tulichelewa. Askari ni wa kweli, mwandishi wa ujumbe ndiye siye.

Mvua_ya_Ediofe
Wadau nimerudi, mikono inatetemeka. Ya gari, ilivyokuwa: TinEye 0. Niliyoigeuza: TinEye 6. Sita!

Nikapanga kwa `Oldest`. Ya juu inasema 2018. Ni tovuti ya Kireno ya Brazili, mwanaume yule yule, gari lile lile, R ikiwa imekaa sawa. Jina si Daudi. Anaonekana ni mwalimu wa mazoezi ya mwili. Mbili kati ya zile sita ni kurasa za watu wanaoonya kwamba picha zake zinatumiwa na matapeli.

Sasa nataka kuliweka jina lake hapa kila mtu amjue.

Fundi_Wandegeya
Usiliweke! Huyo ndiye aliyeibiwa. Ukilianika, kesho kuna shangazi wa mtu mwingine atamtukana yeye.

Na hiyo 2018 isome vizuri. TinEye inakupa siku mashine yake ilipoikuta picha mara ya kwanza. Siku mtu alipoiweka ni jambo lingine. Inaweza kuwa iliwekwa 2015 ikachelewa kuonekana. Na tovuti iliyokutwa kwanza si lazima iwe ya mwenye picha. Kwa hiyo fungua ukurasa wenyewe, angalia kama mtu huyo ana picha nyingine za maisha ya kawaida, miaka mbalimbali, nyumba ile ile, watu wale wale, nywele zikipungua kidogo kidogo. Mwizi huwa na picha 10 au 20 alizozoa mahali pamoja. Mwenyewe ana miaka.

Ya shati jeupe umejaribu?

Bahati_Nakivale
Mimi niseme kitu kuhusu Yandex, nisije nikaona mtu anafanya kosa langu. Mwaka uliopita dada yangu alipata rafiki mtandaoni, nikaweka picha yake Yandex, ikaleta mwanaume wa Abijani. Mdomo ule ule, ndevu zile zile. Nikamwandikia yule rafiki matusi ya Kifaransa na ya Kiswahili. Kumbe ni watu wawili. Yandex inaleta nyuso zinazofanana, hata kama ni mtu tofauti. Yule rafiki alikuja kambini mwenyewe kwa basi, ananiuliza, "Ni wewe uliyenitukana?" Niliona haya mpaka leo.

Fundi_Wandegeya
😂 Asante kwa kusema. Ndiyo, Yandex ni nzuri kwa nyuso lakini inaleta ndugu wa kufikirika. Usilinganishe mdomo wala ndevu. Tafuta picha ile ile hasa: mkunjo ule ule wa shati, kivuli kile kile, kitu cha nyuma kile kile. Kama ni picha tofauti, angalia sikio. Ndewe la sikio limeshikana na shavu au linaning'inia, na kona za ndani zikoje. Na makovu na vidoa, ukikumbuka kwamba picha ikigeuzwa kidoa kinahamia shavu la pili.

Mvua_ya_Ediofe
Ya shati jeupe: TinEye kawaida 0, iliyogeuzwa 0. Yandex iliyogeuzwa, moja! Ni yeye, shati lile lile, cheko lile lile, lakini kwao picha ni pana zaidi.

Halafu nimeona kitu. Kwenye picha ya shangazi, begani pembeni kabisa pale ilipokatwa, kuna vitu vitatu vidogo vya rangi ya kahawia. Nilidhani ni mkunjo wa shati. Kwenye ile pana ni vidole. Mwanamke amesimama kando yake ameweka mkono begani, ana pete. Vidole vilibaki vimekatwa mwili.

Saluni_Busia
Yesu wangu! Nimesisimka nywele.

Balozi_wa_Katwe
Hapo nimenyoosha mikono. Hao ndio bafere, matapeli wenyewe.

Fundi_Wandegeya
Huo ndio ushahidi mzuri kuliko ile 2018. Unaweza kuikata picha pana upate nyembamba, lakini ukiwa na nyembamba huwezi kuipata pana. Aliyenayo pana yuko karibu zaidi na chanzo.

Ya helmeti vipi?

Mvua_ya_Ediofe
Helmeti sifuri kila mahali. Kawaida, imegeuzwa, nimekata uso peke yake, nimekata kreni peke yake. Hakuna.

Fundi_Wandegeya
Iache. Huenda ilitoka kwenye akaunti iliyofungwa, huenda ni mtu mwingine kabisa aliyefunikwa na helmeti. Hatutajua. Mbili zinatosha.

@Saluni_Busia dada, sasa zamu yako. Kuzuia watu wasipakue haiwezekani, chochote kinachoonekana kwenye kioo kinachukulika. Unachoweza ni kutia jina la saluni katikati ya nywele zenyewe. Ukiliweka kwenye kona linakatwa kwa sekunde. Na mara moja kwa mwezi tafuta picha zako mwenyewe kwa njia hii hii, zikiwa zimegeuzwa na zisipogeuzwa.

Saluni_Busia
Asante fundi. Lakini aliyeiba ya kwangu ameweka mpaka uso wangu, anajiita jina langu, anakopa wateja wangu hela. Nimempata kwa kuwa mteja aliniuliza kwa nini nimebadilisha namba.

Fundi_Wandegeya
Ah, hilo lingesemwa mwanzo! Hilo si la nywele tena. Piga skrinshoti ya akaunti yake ikionyesha anuani yake ya juu na tarehe, kabla hujamwambia kitu, kwa sababu akistuka atabadili jina. Kisha kwenye akaunti yake gusa vidoti vitatu, ripoti, chagua kwamba anajifanya mimi. Wateja nao waripoti kwa njia hiyo hiyo. Na namba aliyopokelea hela, peleka polisi pamoja na ujumbe wa muamala.

AfandeBombo
Polisi nenda na karatasi, si simu peke yake. Chapisha. Simu utaambiwa uiache.

Mvua_ya_Ediofe
Taarifa ya leo. Jana usiku nilimwonyesha shangazi zote mbili, nikamwekea na R. Alikaa kimya, akavaa miwani, akaangalia vidole vile muda mrefu. Halafu akamwandikia Daudi bila kuniuliza. Jibu lilikuja baada ya dakika 3: "Mpenzi, huyo Mbrazili ndiye aliyeniibia picha mimi. Hata ubalozi nimeripoti." Sasa shangazi amerudi nusu nusu. Anasema mbona inawezekana?

Balozi_wa_Katwe
Mwambieni apige simu ya video!

Mvua_ya_Ediofe
Alishapiga, Machi. Sekunde kama 10, giza, sauti inakatika, akasema mtandao wa kambi ni mbaya. Shangazi anaapa aliona ni yeye.

Fundi_Wandegeya
Sekunde 10 za giza mtu anaweza kuelekeza kamera kwenye video ya mtu mwingine. Lakini usibishane na shangazi kuhusu hiyo, utamwaibisha.

Mpe swali moja tu la kuuliza. Kama Daudi ndiye mwenye picha, basi anayo ile ya shati jeupe nzima. Amwombe hivi: "Nitumie ile ya shati jeupe, ile ambayo bega lako halijakatwa." Asitaje vidole, asitaje mwanamke, asimtumie ile pana. Mwenyewe angeituma huku anakunywa chai.

Saluni_Busia
Na kama akiitafuta mtandaoni akaipata kama mlivyoipata?

Fundi_Wandegeya
Anaweza, nimekubali. Kipimo hiki hakina kufuli. Lakini akiituma itabidi amweleze shangazi yule mwanamke ni nani. Vilevile amwombe selfi ya sasa hivi akiwa ameshika sikio la kushoto na kijiko mkononi. Asidai karatasi yenye jina lake, karatasi huandikwa upya kwenye picha kirahisi. Kijiko kinachofunika sehemu ndogo ya shavu kinasumbua zaidi.

Mvua_ya_Ediofe
Ameulizwa saa 2 asubuhi. Kwanza akatuma ile ile, ameivuta ikawa kubwa, imechujuka, vidole bado viko pembeni. Shangazi akamwambia si hiyo. Akasema simu yenye picha nzima iliibiwa Kampala. Kijiko alicheka, "Mimi si mtoto." Kisha akauliza kama ile 600,000 nyingine itapatikana Ijumaa.

AfandeBombo
Asitume hata mia. Ile ya kwanza apige simu kwa kampuni ya laini leo leo, awape namba ya muamala. Kurudi ni bahati, ikishatolewa kwa wakala imekwenda, lakini namba ya mpokeaji inabaki kwao.

Mvua_ya_Ediofe
Tumepiga afande. Wamesema ilitolewa siku ile ile, ndani ya saa moja. Namba wameiandika, kesho tunakwenda polisi na karatasi.

Shangazi hajalia, hajasema kama amemwamini au hajamwamini. Hajamfungia namba. Ila jioni hii alinirudishia simu yangu ikiwa na ile picha pana wazi, akaniuliza jambo moja tu: "Huyu mama mwenye pete, anajua kwamba uso wa mume wake unazunguka Arua?" Akataka nimtafsirie Kireno amwandikie. Kuna anayejua Kireno hapa?